Taswira imeangukia pasipo pake: kutafuta kosa kwenye zoezi la kuakisi na kuzungusha

Mwanafunzi akikosea kuakisi au kuzungusha umbo kwenye grafu, mara nyingi kazi yake haionekani kuwa na kasoro. Pembetatu ipo, imechorwa kwa rula, ukubwa ni uleule, na majira yameandikwa vizuri ndani ya mabano. Imekaa tu mahali pasipo pake. Tena mazoezi haya huwa ya ngazi: taswira ya hatua moja ndiyo umbo la kuanzia la hatua inayofuata. Kosa la hatua ya pili linaingia hadi ya tatu na ya nne, hata kama hizo mbili zimefanywa sawasawa. Anayesahihisha kwa kutazama majibu tu atamnyima mwanafunzi alama za hatua tatu ilhali kosa ni moja, na mwanafunzi hatajua amekosea wapi.

Hapa nachukua zoezi moja la hatua nne na kulifuata hadi mwisho. Kila jibu lisilo sahihi lina sababu yake, na mara nyingi namba zenyewe zinaitaja.

Zoezi lenyewe

Pembetatu ABC ina A(2, 1), B(5, 2) na C(3, 5). Hatua ya 1: iakisi kwenye mhimili wa x. Hatua ya 2: zungusha taswira hiyo nyuzi 90 kinyume na mshale wa saa, kitovu kikiwa nukta ya asili (0, 0). Hatua ya 3: akisi taswira ya pili kwenye mstari x = -1. Hatua ya 4: zungusha taswira ya tatu nyuzi 90 kufuata mshale wa saa, kitovu kikiwa P(-2, 1).

Majibu sahihi ni haya:

```
            A          B          C
mwanzo    (2, 1)     (5, 2)     (3, 5)
hatua 1   (2, -1)    (5, -2)    (3, -5)
hatua 2   (1, 2)     (2, 5)     (5, 3)
hatua 3   (-3, 2)    (-4, 5)    (-7, 3)
hatua 4   (-1, 2)    (2, 3)     (0, 6)
```

Pembetatu hii imechaguliwa kwa makusudi. Pande zake tatu hazilingani. Kutoka A kwenda B ni hatua 3 kulia na 1 juu, kwa hiyo kwa Pithagorasi mraba wa urefu wake ni 9 + 1 = 10. Upande wa BC unatoa 13, na AC unatoa 17. Hakuna haja ya kutafuta kipeuo. Hizo 10, 13 na 17 zinatosha kuwa alama ya utambulisho ya pembetatu yetu. Ukiwapa wanafunzi pembetatu yenye pande mbili sawa, au mraba uliokaa katikati ya grafu, makosa mengi yatajificha, kwa sababu umbo la namna hiyo linaweza kugeuzwa vibaya na bado likafanana na jibu.

Ukaguzi wa namna tatu, na kila mmoja usichokiona

Ukaguzi wa kwanza ni wa urefu: je, pande bado ni 10, 13 na 17? Kuakisi na kuzungusha hakubadilishi urefu hata kidogo. Wa pili ni wa mwelekeo wa herufi. Weka kidole kwenye A, kipeleke B, kisha C. Kwenye pembetatu ya mwanzo kidole kinakwenda kinyume na mshale wa saa. Kila kuakisi kunapindua mwelekeo huo. Kuzungusha kunauacha ulivyo. Kwa hiyo hatua ya 1 inaupindua, ya 2 inauacha vilevile, ya 3 inaurudisha kama mwanzo, na ya 4 haiugusi. Wa tatu ni wa mahali. Kama umeakisi, nukta ya katikati kati ya A na taswira yake lazima iangukie juu ya mstari wa kioo. Kama umezungusha, umbali kutoka kwenye kitovu hadi A lazima ubaki uleule baada ya kuzungusha.

Wengi huishia kwenye ule wa kwanza, na huo ndio usioona mengi. Unakamata nukta moja iliyokosewa peke yake, lakini kama nukta zote tatu zimekosewa kwa namna moja, urefu utatoka sahihi kabisa. Makosa ya mwanafunzi aliyeshika kanuni isiyo sahihi huwa ya namna hiyo: anakosea zote tatu, kwa utaratibu uleule.

Dalili: pande mbili zimebadilika urefu, mmoja umebaki

Tuanze na lililo jepesi. Tuseme kwenye hatua ya 2 mwanafunzi ameandika A(1, 2), B(-2, 5), C(5, 3). Upande wa AB sasa unatoa 18 badala ya 10, na BC unatoa 53 badala ya 13. AC bado ni 17. Pande mbili zilizoharibika zinakutana B, kwa hiyo kosa liko B, na A na C ni nzima. Hapa kanuni anaijua. Alama moja ya kutoa imemponyoka. Arekebishe B na kuendelea, hahitaji kurudia hatua nzima.

Dalili: taswira ya hatua ya 1 iko kushoto badala ya chini

Majibu yanasomeka (-2, 1), (-5, 2), (-3, 5). Mwanafunzi ameambiwa aakisi kwenye mhimili wa x, naye akabadilisha alama ya x. Kwa mtazamo wake kuna mantiki: x imetajwa, basi x ndiyo inayobadilika. Urefu uko sawa, na herufi zimepinduka kama inavyotakiwa kwa kuakisi kokote. Ukaguzi wa mahali tu ndio unaomshika: katikati ya (2, 1) na (-2, 1) ni (0, 1), na nukta hiyo haiko kwenye mhimili wa x.

Kumwambia akariri kwamba "x inabaki, y inabadilika" hakusaidii kwa muda mrefu, maana wiki ijayo ataikumbuka kinyume. Mwonyeshe kwamba mhimili wa x umelala, kwa hiyo kuuvuka lazima ushuke au upande. Anayeshuka wima habadilishi x yake. Mpe pia nukta (4, 0), iliyo juu ya kioo chenyewe, umuulize itakwenda wapi. Kama kanuni yake inaipeleka (-4, 0), ataona mwenyewe kwamba nukta iliyo juu ya kioo haiwezi kuhama.

Kosa hili lina mkia. Akiendelea nalo na kuzungusha sawasawa, hatua ya 2 itampa (-1, -2), (-2, -5), (-5, -3), yaani majibu sahihi yakiwa yamegeuzwa alama zote. Majibu hayohayo ndiyo anayopata mwanafunzi aliyefanya hatua ya 1 vizuri, kisha akazungusha kwa kufuata mshale wa saa badala ya kinyume chake. Kwa hiyo ukikuta alama zote zimegeuka kwenye hatua ya 2, tazama kwanza hatua ya 1. Ikiwa ni nzima, tatizo ni mwelekeo wa kuzungusha. Huyo mpe nukta (1, 0) aizungushe nyuzi 90 kinyume na mshale wa saa. Inapaswa kupanda hadi (0, 1). Swali likiandika nyuzi 90 bila kutaja mwelekeo, desturi ya hisabati ni kwamba pembe chanya huenda kinyume na mshale wa saa, na pembe hasi huufuata.

Dalili: hatua ya 2 imetoa (-1, 2), (-2, 5), (-5, 3)

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jibu hili moja linafikiwa kwa njia tatu tofauti kabisa, na kila njia ina dawa yake.

Kwanza tuhakikishe kwamba ni kosa. Urefu ni 10, 13, 17, kwa hiyo hakuna shida hapo. Umbali kutoka (0, 0) nao uko sawa. Mwelekeo wa herufi ndio unaofichua: baada ya hatua ya 1 kidole kilikuwa kinakwenda kufuata mshale wa saa, na baada ya kuzungusha kilitakiwa kiendelee hivyohivyo. Kwenye jibu hili kinakwenda kinyume. Kuna kuakisi kulikojipenyeza mahali pa kuzungusha.

Njia ya kwanza ni ya mwanafunzi anayebadilishana namba tu. Anakumbuka kwamba kwenye nyuzi 90 x na y hupishana nafasi, akasahau kwamba moja kati yake hugeuzwa alama. Kanuni kamili ni kwamba (x, y) inakwenda (-y, x). Yeye amechukua (2, -1) akaandika (-1, 2). Kupishana peke yake ni kuakisi kwenye mstari y = x, ndiyo maana herufi zimepinduka.

Wa pili anaijua kanuni yote. Anaandika "-y" kama inavyotakiwa. Lakini y ya A ni -1, na anapoweka -1 mahali pa y anaona tayari kuna alama ya kutoa, akaihesabu kuwa ndiyo hiyohiyo. Haandiki -(-1) = 1; anaandika -1. Tatizo lake ni hesabu ya namba hasi. Ukimfundisha kuzungusha upya unampotezea muda.

Na kuna aliyeanzia pembetatu isiyostahili. Ameizungusha ABC ya mwanzo badala ya taswira ya hatua ya 1. A(2, 1) kwa kanuni sahihi inakwenda (-1, 2), na hesabu yake haina dosari hata moja. Swali ndilo hakulisoma vizuri, au kwenye grafu yake hakuandika A1, B1, C1, basi akashika herufi za kwanza alizoziona.

Kuwatenganisha kunahitaji nukta mbili tu za majaribio. Waambie wazungushe (3, 2), halafu (3, -2), zote nyuzi 90 kinyume na mshale wa saa kuzunguka (0, 0). Majibu sahihi ni (-2, 3) na (2, 3). Anayepishanisha tu atakosea ile ya kwanza papo hapo, ataandika (2, 3). Mwenye shida ya namba hasi atapata ya kwanza, kisha ataikosa ya pili kwa kuandika (-2, 3). Aliyeanzia pembetatu isiyo yake atapata zote mbili. Ndiyo sababu sipendi mazoezi ambayo nukta zake zote ziko robo ya kwanza, ambako x na y zote ni chanya: yule wa pili atapata alama zote, na udhaifu wake hautaonekana hadi siku ya mtihani.

Wa kwanza mrudishe kwenye grafu yenyewe. Nukta (2, -1) iko chini kulia. Robo ya mzunguko kinyume na mshale wa saa inaipeleka juu kulia, na juu kulia hakuna namba hasi. Mwanafunzi akizoea kujiuliza "nitatua robo ipi?" kabla ya kugusa kanuni, ataikataa (-1, 2) kabla hajaiandika. Wa pili mlazimishe aandike mabano, -(-1), kila mara, hata pale anapoona ni kazi bure. Wa tatu atumie rangi tofauti kwa kila taswira na kuandika namba ya hatua kwenye kila herufi.

Dalili: hatua ya 3 imepishana na jibu kwa kiasi kilekile kwenye kila nukta

Tuseme amepata (-2, 2), (-3, 5), (-6, 3). Kila x imezidi kwa 1, na y zote ni sahihi. Urefu hauna neno, na herufi zimepinduka kama zinavyotakiwa. Huyu amehesabu mistari badala ya nafasi. Kutoka A(1, 2) hadi x = -1 kuna nafasi 2. Akiwa upande wa pili wa kioo alianza kuhesabu "moja" akiwa bado juu ya mstari wenyewe, akafika -2 badala ya -3. Ukaguzi wa katikati unalimaliza: nusu ya 1 na -2 ikijumlishwa ni -0.5, na kioo kiko -1.

Kama amepata (-1, 2), (-2, 5), (-5, 3), ametumia mhimili wa y kama kioo na kusahau kwamba mstari umesogea. Na kama taswira imeanguka chini, (1, -4), (2, -7), (5, -5), amechora y = -1. Kosa hili la mwisho huwapata wengi, kwa sababu mhimili wa x umelala na wanadhani mstari unaoanza kwa "x =" lazima nao ulale. Waambie wataje nukta tatu ambazo x yake ni -1, kwa mfano (-1, 0), (-1, 2) na (-1, 4), kisha waziunganishe. Mstari utajisimamisha wenyewe.

Asiyependa kuhesabu nafasi anaweza kuzidisha namba ya kioo kwa 2 na kutoa x ya nukta: -2 - 1 = -3. Ni njia salama, mradi katikati ikaguliwe baadaye.

Dalili: hatua ya 4 ina umbo sahihi, limetazama upande sahihi, lakini limehama

Kuzungusha kwenye kitovu kisicho (0, 0) kuna sehemu tatu: toa kitovu, zungusha, rudisha kitovu. Tuifuate A kwa karibu. A3 ni (-3, 2) na P ni (-2, 1). Toa: -3 - (-2) = -1 na 2 - 1 = 1, yaani ukiwa umesimama P, A iko hatua moja kushoto na moja juu. Nyuzi 90 kufuata mshale wa saa zinapeleka (x, y) kwenye (y, -x), kwa hiyo (-1, 1) inakuwa (1, 1): hatua moja kulia, moja juu. Rudisha P: 1 + (-2) = -1 na 1 + 1 = 2. Jibu ni (-1, 2).

Aliyesahau kurudisha kitovu ataishia (1, 1), (4, 2), (2, 5). Ukitoa jibu sahihi kutoka kwenye lake unapata (2, -1) kila mara, ambacho ni kitovu kilichogeuzwa alama. Tofauti ikiwa hiyo, sababu ni hiyo. Aliyezungusha kwenye (0, 0) atapata (2, 3), (5, 4), (3, 7). Wote wawili wanashindwa kwenye umbali: kutoka P hadi A3 mraba wa umbali ni 1 + 1 = 2, lakini kutoka P hadi (1, 1) ni 9 na hadi (2, 3) ni 20.

Kwa mwanafunzi ambaye hizi sehemu tatu bado zinamchanganya, chukua karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, nakili pembetatu pamoja na P, bana P kwa ncha ya penseli na ugeuze karatasi robo mzunguko. Atakapoona pembetatu inatua kwenye (-1, 2), (2, 3), (0, 6), ataelewa kwa nini P lazima irudishwe mwishoni.

Dalili: majira ni sahihi lakini mchoro umepinda

Tazama vipimo vya mihimili. Kama sentimita moja ni 1 kwenye mhimili wa x na ni 2 kwenye mhimili wa y, pembetatu iliyozungushwa nyuzi 90 itaonekana imenyooshwa au kubanwa, na hakuna karatasi ya kunakilia itakayoingiana nayo. Mwanafunzi makini hufuta jibu sahihi kwa sababu ya hili. Kwa mada hii mihimili yote miwili lazima iwe na kipimo kimoja. Kwa zoezi letu grafu inayofika 8 pande zote inatosha.

Kukagua zoezi zima kwa mara moja

Hatua zetu nne zina kuakisi mara mbili, nyuzi 90 upande mmoja na nyuzi 90 upande wa pili. Zimepangwa hivi kwamba pembetatu ya mwisho imetazama kulekule kwa ile ya mwanzo, imesogezwa tu. Toa A ya mwanzo kutoka A4: (-1 - 2, 2 - 1) = (-3, 1). B inatoa (-3, 1), na C pia. Hatua tatu kushoto, moja juu.

Tofauti zikiwa hazifanani kati ya A, B na C, kuna hatua ambayo aina au mwelekeo wake umekosewa, au nukta moja imeharibika. Rudi kwenye urefu na herufi, ngazi kwa ngazi. Zikiwa zinafanana lakini si (-3, 1), mara nyingi kioo au kitovu kimewekwa pasipo pake, na kiasi chenyewe kinasema ni kipi. Aliyehesabu mistari kwenye hatua ya 3 atapata (-3, 0). Aliyeweka kioo x = 1 atapata (-3, -3). Aliyesahau kurudisha P atapata (-1, 0), na aliyezungusha kwenye (0, 0) atapata (0, 2). Akipata (-1, 1), usihangaike na kioo wala kitovu: amechanganya mwelekeo wa saa kwenye hatua ya 2 na ya 4 zote mbili, makosa mawili yakafutana kwenye mgeuko na kubaki kwenye mahali tu.